Kondo la nyuma: nivute lini, nisubiri nini?

"Habari ya kazi, mwalimu. Ninasomea ukunga hapa Nairobi, niko mwaka wa mwisho, na mtihani wa vitendo ni baada ya wiki tatu. Darasani tulifundishwa tusivute kiungamwana mpaka tuone dalili kwamba kondo limebanduka. Wodini sista wa zamu akaniambia hizo ni hadithi za vitabu: ukishadunga oksitosini na mfuko wa uzazi ukakaza, vuta. Kisha akaniagiza nisugue tumbo la mama kila dakika 15 kwa saa mbili, ilhali mwalimu mwingine alituambia kusugua kulishafutwa. Tena ampuli za oksitosini zilikuwa juu ya trei tangu jioni. Nimfuate nani, na mtahini akiniuliza sababu nimjibu nini?"

Hakuna aliyekudanganya, mwanangu. Waliokufundisha walisoma maandishi tofauti, ya miaka tofauti, na kila mmoja amekupa kipande alichokizoea. Mwaka 2003 mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi yalitoa tamko la pamoja lenye nguzo tatu: dawa ya kukaza mfuko wa uzazi kama oksitosini, kuvuta kiungamwana kwa utaratibu, na kusugua mfuko baada ya kondo kutoka. Sista wako yaelekea alilelewa na tamko hilo, au na mtu aliyelelewa nalo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likapanga upya uzito wa nguzo hizo. Dawa ikabaki kuwa ndiyo kiini, kuvuta kukawa jambo la hiari kwa mkunga mwenye ujuzi, na kusugua mfululizo kukaondolewa kwa mama aliyekwisha kupata oksitosini. Waingereza nao, katika mwongozo wao wa 2014, wanasema kuvuta kufanyike baada ya dalili za kubanduka. Vitabu vingi tunavyosomea hapa kwetu vimetoka kwao, na ndiyo maana darasani ulisikia hivyo.

Ukielewa kinachotokea ndani ya mfuko, utaona kwamba ugomvi wenyewe ni mdogo kuliko unavyosikika.

Chukua puto lililojaa, ulibandikie kipande cha karatasi kwa gundi hafifu, kisha uachie hewa itoke. Puto linasinyaa lakini karatasi haiwezi kusinyaa nalo, kwa hiyo inajikunja na kubanduka. Kondo ni ile karatasi. Mtoto akishatoka, misuli ya mfuko inajikaza na kubaki mifupi kuliko ilivyokuwa, ukuta unakuwa mnene, na pale kondo liliposhika panapungua eneo. Kondo halina misuli ya kufuata mwendo huo, basi linaachana na ukuta. Damu kidogo inajikusanya nyuma yake na kusaidia kulisukuma.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayookoa maisha. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika, na mishipa iliyokuwa ikililisha kondo inabaki wazi mara kondo linapobanduka. Kinachoifunga kwanza ni msuli wenyewe, kabla damu haijapata nafasi ya kuganda. Nyuzi za tabaka la katikati zimepitana kama ukili wa kiondo, na mishipa inapenya kwenye matundu ya msuko huo. Msuko ukikazwa matundu yanazibika, na ukilegea yanafunguka. Kwa hiyo mtahini akikuuliza kwa nini unatoa oksitosini, usiishie kwenye "ili kondo litoke." Mwambie ni ili msuli ukaze na kubaki umekaza, kondo litoke kwa sababu hiyo, na mishipa izibwe kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa sindano. Ivute kwenye bomba mapema, kabla kichwa cha mtoto hakijatokeza, uweke alama kwenye bomba na uliache mahali ambapo mkono wako unafika. Mtoto akitoka, mweke juu ya tumbo la mama, mkaushe, umwangalie anavyopumua. Kisha weka kiganja juu ya tumbo na upapase kuhakikisha hakuna mtoto wa pili. Hatua hii wanafunzi huiruka kwa haraka, na watahini huisubiri kwa hamu. Mfuko ukikazwa kwa nguvu ukiwa bado na mtoto ndani, damu inayomfikia inabanwa na anaweza kukosa hewa. Kupapasa ni kwa sekunde chache tu, kwa hiyo usiseme picha ya skani ilionyesha mmoja ukaishia hapo. Ukishahakikisha, toa yuniti 10 kwenye msuli wa paja ndani ya dakika moja tangu mtoto azaliwe. Kwenye msuli, dawa huanza kufanya kazi baada ya dakika mbili au tatu hivi. Kama mama ana mrija mshipani, yuniti hizo hizo zinaweza kupita huko, ila zipitishwe polepole, kwa sababu zikisukumwa kwa mkupuo zinaweza kushusha shinikizo la damu ghafla.

Usibane kiungamwana papo hapo. Ngoja dakika moja hadi tatu mtoto apate damu yake iliyobaki kwenye kondo, damu ambayo ndani yake mna madini ya chuma atakayoyahitaji miezi ijayo. Wapo wanaoogopa kungoja kama mama anaishi na virusi vya Ukimwi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hata kwake tunangoja vivyo hivyo. Kinachobadilisha mpango ni mtoto ambaye hapumui hata baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, akahitaji kusaidiwa kwa mfuko wa hewa. Huyo bana na ukate haraka, umhudumie.

Tumefika kwenye swali lenyewe. Katika uzazi unaoachwa uende wenyewe bila dawa, mkunga anangoja dalili zote: kiungamwana kirefuke chenyewe, damu ichuruzike ghafla kidogo, mfuko uwe wa duara, mgumu, na upande juu kidogo tumboni. Anangoja kwa sababu mama ndiye atakayesukuma kondo nje, na dalili zinamwambia kwamba sasa mama anaweza. Katika utaratibu wetu wa kutumia dawa, ishara ya kuvuta ni mkazo. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2003 kilisema vuta mfuko unapokuwa wa duara au kiungamwana kinaporefuka, na kikaongeza kwamba usingoje damu ichuruzike kwanza. Unaona basi? Mfuko kuwa wa duara na mgumu ni mojawapo ya dalili zile zile za mwalimu wako wa darasani, na ni mkazo ule ule wa sista wako. Wote wawili wanakataa jambo moja, kuvuta mfuko ukiwa laini.

Kwa hiyo mbele ya mtahini fanya hivi. Bana kiungamwana karibu na msamba, ukishike kwa koleo ili kisiteleze mkononi. Weka mkono wa pili juu kidogo ya mfupa wa kinena, kiganja kikielekea kichwani kwa mama, na usukume mfuko juu kwa upole. Shika kiungamwana kikiwa kimekazwa kidogo tu, bila kuvuta, ungoje. Ukisikia chini ya mkono wako mfuko umegeuka mgumu, mwambie mama asukume, nawe uvute kwa mvuto mmoja usiokatika, kuelekea chini, huku mkono wa juu ukiendelea kuuzuia mfuko usishuke. Mikono yako miwili inashindana kwa upole. Kondo likionekana mlangoni, geuza mvuto uelekee juu, kwa sababu njia ya uzazi imepinda. Lipokee kwa mikono miwili na ulizungushe polepole ili utando ujisokote kuwa kama kamba na utoke wote badala ya kuchanika.

Kama huna hakika limebanduka, lipo jaribio rahisi. Sukuma mfuko juu kwa mkono wa kinena ukiangalia kiungamwana. Kikirudi ndani pamoja na mfuko, bado kondo limeshika. Kisiporudi, limeachana. Kwangu mimi, mwanafunzi anayefanya jaribio hili kabla ya kuvuta ameridhisha darasa na wodi kwa pamoja, na sijaona mtahini anayemnyima alama.

Kisha kuna saa ya ukutani. Usivute zaidi ya sekunde 30 hadi 40 kwa mkazo mmoja. Kondo lisiposhuka, acha kuvuta, endelea kushika kiungamwana bila nguvu, ungoje mkazo mwingine. Na usiondoe mkono wa kinena wakati mkono wa chini bado unavuta: acha kuvuta kwanza, ndipo uachie juu.

Kwa nini ukali wote huu? Nikiwa mwanagenzi, usiku mmoja katika hospitali ambayo sitaitaja, nilivuta mfuko ukiwa laini kwa sababu tulikuwa na akina mama wengi na nilitaka kumaliza. Kiungamwana kilinikatikia mkononi. Yule mama alipelekwa chumba cha upasuaji, kondo likatolewa kwa mkono, akapona. Hiyo ndiyo shari ndogo. Shari kubwa ni mfuko kupinduka ndani nje kama soksi, pale kondo lililoshika kileleni linapokivuta kilele chenyewe. Utaijua mama anapopata maumivu makali ya ghafla na kuzimia au kulegea kupita kiasi cha damu unayoiona, unapapasa tumbo hulikuti lile donge gumu, na ukeni kunatokeza kitu chekundu cha mviringo. Hapo unapiga kelele ya msaada mara moja. Kama kondo bado limeshika usilibandue, na kama kuna oksitosini inayotiririka mshipani inasimamishwa. Mwenye ujuzi anausukuma mfuko urudi kwa mkono papo hapo, maana kila dakika ikipita shingo ya kizazi inaukaba zaidi.

Lipo la kukutuliza pia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, uliofanyika katika nchi nane Kenya ikiwemo, ukihusisha wanawake wapatao 24,000, ulilinganisha waliovutwa kiungamwana na ambao hawakuvutwa, wote wakiwa wamepata oksitosini. Kutokwa damu kwa wingi kulikaribiana sana. Kuvuta kulifupisha muda wa kungoja kondo kwa dakika sita hivi. Kwa hiyo ukiwa peke yako na huna uhakika wa mkono wako, kungoja mama asukume mwenyewe baada ya dawa hakumwibii kinga yake. Kumnyima dawa ndiko kunakomwibia. Na ndiyo maana kuvuta bila dawa yoyote ya kukaza mfuko hakukubaliki.

Nikupe uzazi mmoja niliousimamia nikiwa na mwanafunzi kama wewe, katika kituo cha afya upande wa mashariki ya jiji, usiku. Nimebadilisha mambo madogo ili mama asijulikane.

Mama alikuwa na uzazi wa tatu. Mtoto alitoka akilia, kilo 3.4. Mwanafunzi akapapasa tumbo, hakuna wa pili, akadunga yuniti 10 pajani sekunde ya 40. Dakika ya tatu kiungamwana kiliacha kupiga, akabana na kukata. Dakika ya nne mfuko ukakaza, akavuta vizuri tu, mkono wa juu ukiwa mahali pake. Nikahesabu sekunde 35. Kondo halikuja. Nikamwambia aachie. Mama akauliza, "Mbona hakitoki, sista?" Nikamjibu kwamba mfuko unapumzika, utakaza tena sasa hivi.

Dakika ya sita mfuko ulikuwa laini, na hapo ndipo nilipoona vidole vya mwanafunzi wangu vikianza kukaza. Woga unavuta. Nilimshika kifundo cha mkono. Dakika ya saba donge likapanda na kuwa gumu kama mpira, kiungamwana kikashuka kama upana wa vidole viwili bila kuguswa, damu ikachuruzika kidogo. Akamwambia mama asukume, akavuta, na dakika ya nane kondo lilikuwa kwenye bakuli.

Tukalikagua chini ya taa. Upande uliokuwa umeshika ukuta unaonyesha vipande vilivyopangana kama mawe ya sakafu, 15 hadi 20 hivi, na vinapaswa kukaa pamoja bila pengo ukikunja kondo kwenye viganja. Utando ukiuinua kwa mkono unatakiwa uwe na tundu moja tu, pale alipopitia mtoto. Ukiona tundu jingine na mishipa inayoelekea kwenye tundu hilo kisha inakatika, shuku kwamba kuna kipande kidogo cha pembeni kimebaki ndani. La huyu mama lilikuwa kamili. Tulipima damu, mililita 250. Msamba haukuwa na mchaniko.

Mwanafunzi akaona kazi imekwisha. Nikamwambia ndiyo kwanza imeanza. Dakika ya 30 tulipapasa tena, tukakuta kilele cha mfuko kiko juu ya kitovu cha mama, kimeegemea kulia, na kimelegea. Pedi ilikuwa imelowa. Akasugua, mfuko ukakaza, likatoka bonge la damu, kisha baada ya dakika chache ukaanza kulegea tena. Swali nililomwuliza ni moja: "Amekojoa lini?" Hakuna aliyejua. Tukamsaidia mama kwenye beseni, ukatoka mkojo wa mililita 600. Mfuko ukashuka chini ya kitovu, ukarudi katikati, ukabaki mgumu. Damu yote kwa jumla ikafika mililita 400, mapigo 88, shinikizo 110 kwa 70. Tuliweka mrija mshipani hata hivyo, na mwanafunzi hakuondoka kando ya kitanda.

Kibofu kilichojaa kinausukuma mfuko juu na kando na kuuzuia usikaze sawasawa, na unaweza kudunga dawa mara mbili bila kupata jibu kama hujakimwaga. Kondo likichelewa kutoka pia, mwulize mama kibofu kabla hujawaza mengine.

Hapo ndipo swali lako la kusugua linapojibika. Kilichofutwa ni kusugua tumbo mfululizo kwa kila mama, hata yule ambaye mfuko wake ni mgumu kama jiwe. Kunamuumiza bure na hakumwongezei kinga. Kilichobaki, na hakikuwahi kufutwa, ni kupapasa kila dakika 15 kwa saa mbili ili kujua kama mfuko umekaza. Ukikuta mgumu, toa mkono, andika. Ukikuta laini, sugua mpaka ukaze, tafuta sababu. Sista wako akisema "sugua kila dakika 15," yawezekana anamaanisha papasa. Mwulize kwa adabu. Lakini kwenye mtihani sema "ninapapasa kuona kama umekaza," kisha useme utafanya nini ukikuta umelegea.

Na kama mfuko ni mgumu, uko katikati, kibofu ni kitupu, lakini damu nyekundu inazidi kutiririka? Acha kupambana na mfuko. Angalia mchaniko kwenye msamba, ukeni na kwenye shingo ya kizazi.

Kuhusu wakati wa kuita mkubwa. Kondo lisipotoka ndani ya dakika 30 baada ya mtoto, ingawa dawa ilitolewa, hilo ni kondo lililokwama na si kazi ya mwanafunzi kuingiza mkono. Ukiwa katika kituo kisicho na chumba cha upasuaji, usingoje dakika ya 29 ndipo utafute ambulensi. Barabara za jiji letu unazijua. Mimi dakika ya 15 huwa nimekwisha kumweka mama mrija, nimehakikisha kibofu ni kitupu, na nimemjulisha daktari. Kondo likiwa bado ndani na damu inatoka, saa haina kazi tena: sehemu moja imebanduka na mishipa yake iko wazi, sehemu nyingine imeshika na inauzuia mfuko usijifunge. Hiyo ni dharura dakika ya tatu kama dakika ya thelathini.

Kwa upande wa damu, mililita 500 ni mstari wa zamani, na bado upo. Mwongozo mpya wa kimataifa wa mwaka 2025 umeongeza kwamba mililita 300 zinatosha kuanza matibabu kama mapigo au shinikizo la mama limeharibika. Pima kwa shuka lenye alama kama lipo, au upime uzito wa pedi, kwa sababu jicho, hasa lililochoka, hukadiria pungufu. Mama mwenye upungufu wa damu tangu kliniki anaweza kulemewa na kiasi ambacho mwingine angekivumilia, kwa hiyo soma kadi yake kabla hajafika chumba cha kuzalia.

Mtahini anaweza kukuuliza utafanya nini kama hakuna oksitosini. Kuna misoprostoli, maikrogramu 400 au 600 za kumeza, na umwonye mama kwamba anaweza kutetemeka na kupata homa. Kuna kabetosini isiyoharibiwa na joto, maikrogramu 100 za sindano, mahali ilipopatikana. Egometrini inakaza vizuri, lakini mama mwenye shinikizo la juu, kifafa cha mimba au ugonjwa wa moyo usimpe. Kama hukupima shinikizo, hesabu kwamba hujui, na usimpe.

Mvuto wenyewe haujifunzwi kwa kusoma jibu langu. Nenda chumba cha mazoezi ukavute kwenye mwanasesere wa kuzalisha, mwenzako akiwa ameweka mkono juu ya wako, kisha umwombe mkunga mwenye uzoefu asimame nawe kwenye uzazi wa kweli mara kadhaa kabla ya mtihani. Mwombe akuambie mkono wako wa juu ulipoachia. Karibu kila mwanafunzi huuachia bila kujijua pale kondo linapoanza kuonekana.

Nimebakiza ampuli zako za kwenye trei. Oksitosini ni ya friji, nyuzi joto 2 hadi 8. Joto linaipunguzia nguvu, na inapoharibika haibadiliki rangi wala haifanyi ukungu, kwa hiyo utadunga yuniti 10 zilizoandikwa kwenye chupa bila kujua mama amepata ngapi. Kisha mfuko utalegea na utailaumu mikono yako. Toa kwenye friji ampuli ya mama aliye karibu kujifungua tu, na ukiingia zamu ukute ampuli zimelala kwenye trei, usizirudishe kimyakimya zikachanganyika na nyingine. Zitenge, andika saa uliyozikuta, umwulize msimamizi wa zamu zimetoka lini.